'Pasi' au 'basi'? Tasnifu inapokataa kuwa makala

Mwaka jana nilipigiwa simu kutoka Garissa. Aliyenipigia ni mhadhiri kijana niliyemsimamia alipoandika tasnifu yake ya uzamivu. Jina lake nalihifadhi, maana ndivyo tulivyokubaliana, ila ameniruhusu kuieleza kazi yake hapa.

"Assalaam aleikum, Mwalimu. Wamenirudishia makala."

"Wamesemaje?"

"Mstari mmoja tu. Ati kazi ina mambo mengi, lakini hawaoni jambo."

Nilicheka kidogo, kisha nikajuta kucheka. Sura ile aliyoituma jaridani niliipitisha mimi mwenyewe. Niliisoma mara tatu, nikaitia saini, nikamwambia ni sura nzuri. Na kwa kweli ilikuwa sura nzuri. Mhariri wa jarida hakukosea na mimi sikukosea, lakini kila mmoja wetu aliulizwa swali lake. Tasnifu humjibu mtahini anayetaka kujua kama mtahiniwa amesoma, kama anaijua nadharia, kama alikwenda nyanjani kweli. Makala humjibu msomaji asiyekujua, asiyedaiwa na wewe chochote, anayeuliza: unaniambia nini ambacho jana sikukijua? Vyuo vyetu sasa vinadai wanafunzi wachapishe kabla ya kuhitimu, nao wanakata sura moja ya tasnifu kwa mkasi, wanabandika ikisiri juu yake, wanaituma. Inarudi. Hebu leo nieleze kwa nini inarudi, nikiitumia kazi ya mwanafunzi wangu kama mfano, na makosa yangu pia.

Sura yenyewe ilikuwa na kurasa 74. Jarida lilitaka maneno yasiyozidi 7,000, yaani kama kurasa 20 hivi. Mada ilikuwa athari ya Kisomali katika matamshi ya Kiswahili mjini Garissa. Ilianza na historia: Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini enzi za ukoloni, kuundwa kwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki mwaka 1963, vita vya Shifta, kisha wakimbizi waliofika Dadaab kuanzia 1991. Ikafuata jiografia, na Mto Tana ukatajwa. Kisha ikaja orodha ya konsonanti zote za Kisomali pamoja na maelezo ya jinsi mwandiko wa Kilatini ulivyofanywa rasmi nchini Somalia mwaka 1972. Kisha konsonanti zote za Kiswahili. Kisha nadharia ya uchanganuzi linganishi, kuanzia kitabu cha Robert Lado cha mwaka 1957 na kuendelea. Kisha mbinu za utafiti. Data yenyewe ilianza kuonekana ukurasa wa 41, nayo ilipangwa kwa sauti: /p/, halafu /v/, halafu /z/, na kadhalika, kila moja na kurasa zake.

Nilimwambia aje Nairobi na nakala ya karatasi na kalamu nyekundu. Tulipoketi sikumwambia akate chochote. Nilimwomba aandike sentensi moja inayoanza na maneno haya: "Baada ya kusoma makala hii, msomaji atajua kwamba..." Nikamwekea masharti mawili. Isizidi maneno 30, na isiwe na "pia", "vilevile" wala "aidha", kwa sababu maneno hayo ndiyo mlango wa nyuma ambao mchango wa pili na wa tatu hupenyea.

Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba Kisomali kinaathiri matamshi ya Kiswahili. Nikamuuliza, nani asiyejua hivyo? Mtu yeyote aliyenunua nyama ya ngamia sokoni Garissa amesikia "besa" mahali pa "pesa". Kisomali sanifu hakina /p/, hakina /v/, hakina /z/. Posta wanaiita *boosto*, polisi wanaita *booliis*. Hilo Lado angelitabiri akiwa kwake Marekani bila kukanyaga Garissa: sauti isiyokuwepo katika lugha ya kwanza ya msemaji huchukuliwa nafasi yake na ile iliyo jirani nayo.

Sentensi ya pili, ya tatu, ya nne, zote zilikuwa hivyo hivyo. Hatimaye akafunua ukurasa wa 58, akanionyesha aya ambayo mimi niliwahi kuandika pembeni yake neno moja tu, "sawa". Aya ile ilisema kwamba baadhi ya wasemaji, hasa waliosoma hadi sekondari, walikuwa wanageuza upande wa pili. Mahali pa /b/ walitia /p/. Mmoja alimwambia mtafiti, "Nimekuja na pasi," naye hakuwa na pasi ya kunyoosha nguo. Alikuwa ameshuka kwenye basi. Mwingine alisema "pahari" kwa "bahari".

Hapo nikaweka kikombe chini. Hilo Lado hakulitabiri. /b/ imo katika Kisomali tangu zamani. Hakuna sababu ya Msomali kuikimbia. Anayesema "pasi" kwa "basi" tayari ana /p/ mdomoni mwake, tena anaitamka vizuri. Asichokuwa nacho ni uhakika wa neno gani lina /p/ na lipi lina /b/. Amesahihishwa mara nyingi mno kuhusu "besa" hata sasa kila anapokutana na /b/ anaishuku. Wanaisimu wanaijua tabia hii ya kusahihisha kupita kiasi. William Labov aliieleza kwa makini katika miaka ya 1960 alipochunguza Kiingereza cha jiji la New York. Lakini katika mjadala wa Kiswahili cha Kaskazini Mashariki ilikuwa imezikwa ukurasa wa 58, kati ya jedwali la /p/ na utangulizi wa /v/.

Sentensi ikapatikana: "Baada ya kusoma makala hii, msomaji atajua kwamba baadhi ya wasemaji wa Kisomali mjini Garissa hugeuza /b/ ya Kiswahili kuwa /p/, jambo ambalo uchanganuzi linganishi hauwezi kulieleza." Maneno 27, na hakuna "pia".

Mwalimu wa darasani atauliza, kuna faida gani? Faida ipo. Mwanafunzi anayesema "besa" unaweza kumpa zoezi la kale la kushika kipande cha karatasi mbele ya midomo na kupuliza /p/ hadi karatasi itikisike. Anayesema "pasi" kwa "basi" zoezi hilo halimsaidii kitu, maana karatasi yake inatikisika tayari. Huyu anahitaji kufundishwa maneno yenyewe, mawili mawili: *pata* na *bata*, *papa* na *baba*. Ukiendelea kumkemea juu ya /p/, unamwongezea shaka inayomkosesha.

Sasa ndipo tukaanza kukata, na kanuni ikawa rahisi. Kila sehemu iliulizwa swali moja: ukiondoka, ile sentensi itaanguka? Historia ya 1963 ikaulizwa, ikanyamaza, ikaondoka. Jiografia ikaondoka. Mwandiko wa 1972 ukaondoka. Kurasa za /v/ na /z/ zilimuuma kuziacha, maana alizihangaikia nyanjani kwenye jua la Garissa, lakini ile sentensi haikuzihitaji. Orodha mbili za konsonanti, kurasa 9 nzima, zikageuka sentensi mbili: Kisomali sanifu kina kipasuo kimoja tu cha midomo, nacho ni ghuna /b/, Kiswahili kina viwili, /p/ na /b/. Msomaji wa jarida la isimu hahitaji zaidi ya hapo, na akihitaji anajua pa kwenda.

Angalia jinsi usuli ulivyokatwa. Haukutupwa wote. Kiasi kidogo kilichohitajika kilihamishwa hadi pale msomaji atakapokihitaji. Katika tasnifu usuli hukaa mbele kama ukuta. Katika makala unaingia unapoitwa, unatoa ushahidi wake, unatoka. Lado, kwa mfano, alikuwa na kurasa 11. Sasa ana aya moja, na kazi yake humo ni kusema anachotabiri, ili data ije imkatalie.

Baada ya kukata tukapanga upya. Mpangilio wa tasnifu hufuata safari ya mtafiti: nilisoma, nikaenda, nikakusanya, nikachanganua. Msomaji hakusafiri nasi, kwa hiyo tukaanza na "Nimekuja na pasi" katika aya ya kwanza kabisa. Aya ya pili ikaeleza kwa nini usemi huo ni kitendawili. Kisha nani walizungumza na walirekodiwaje, kisha maneno yaliyogeuzwa, kisha maelezo mengine yanayowezekana, kisha maana yake kwa nadharia na kwa darasa. Hakukuwa tena na "kama ilivyoelezwa katika Sura ya Pili", kifungu ambacho wahariri wakikiona hutambua mara moja nyama imetoka bucha gani.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kukata mbinu pamoja na usuli, kwa sababu zote mbili huonekana kama "mambo ya mwanzo". Yeye naye alifanya hivyo. Rasimu yake ya kwanza ilisema tu kwamba data "ilikusanywa mjini Garissa". Nikamrudishia. Katika kazi ya matamshi ni lazima msomaji ajue kama msemaji alikuwa anasoma kwa sauti au anazungumza tu. Anayesoma anaiona herufi *b* mbele yake. Anayezungumza hana wa kumkumbusha. Ajue pia alikuwa anazungumza na nani, maana mtu anayehojiwa na mhadhiri mwenye kinasa sauti hujichunga kuliko anapobishana bei sokoni, na kujichunga ndiko kunakozaa usahihi wa kupita kiasi. Mambo hayo yalikuwemo kwenye tasnifu, yametawanyika katika kurasa 6. Tukayarudisha katika aya mbili.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike safu hii.

Usuli ulipoondoka, kazi ikabaki uchi, na nikaona tundu ambalo sikuliona nilipoisoma mara tatu nikiwa msimamizi. Makala yote sasa ilisimama juu ya dai moja, kwamba wasemaji walitamka /p/. Nani alisema ni /p/? Mtafiti mwenyewe, kwa sikio lake, peke yake.

Kwa nini hilo ni tatizo? Kwa sababu /b/ ya Kiswahili ina siri yake. Mzungumzaji wa Kiswahili anaposema *baba* au *bata*, sauti ile huvutwa ndani kidogo, koo likishuka kabla midomo haijaachana. /b/ ya Kisomali haivutwi hivyo. Ni ya kawaida tu. Basi sikio lililozoea /b/ ya kuvutwa ndani linaposikia /b/ isiyovutwa, tena ikiwa hafifu kidogo, laweza kuiita /p/. Huenda "pasi" ile haikuwa kinywani mwa msemaji hata kidogo. Huenda ilikuwa sikioni mwa mtafiti.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, kwa hiyo nilichogundua hakipo?"

"Sijui," nikamjibu. "Na wewe hujui. Ndiyo shida yenyewe."

Katika sura ya kurasa 74 tundu hilo lilifichika vizuri. Aya ya ukurasa wa 58 ilikuwa moja tu kati ya mamia, na hakuna kilichoitegemea, kwa hiyo mimi na watahini wenzangu tuliipita tukielekea kwenye /v/. Tulipoifanya kuwa nguzo ya nyumba, ndipo tukagundua kwamba hatukuwahi kuipima kama inabeba. Kwa sababu hii siwaelewi wenzangu wanaosema kwamba kugeuza tasnifu kuwa makala ni kazi ya uhariri, ya kupunguza maneno. Kwa jinsi nilivyoiona mimi, ni mtihani wa pili, na ni mgumu kuliko ule wa kwanza.

Alirudi Garissa, akazifungua rekodi zake. Alifanya mambo mawili. Kwanza, aliwatafuta wasikilizaji wawili wasiojua utafiti unahusu nini, akawakatia maneno hayo mojamoja bila muktadha, kila mmoja akaandika peke yake alichosikia. Neno ambalo hawakukubaliana likawekwa kando. Pili, yale waliyokubaliana aliyatazama kwenye programu ya kompyuta inayochora mawimbi ya sauti. Ukiwa na rekodi safi, sauti ghuna huonyesha mtikisiko wa nyuzi za koo kabla midomo haijaachana; /p/ haina mtikisiko huo, pale pana kimya. Mahali penye kelele za gari au za mbuzi mchoro hausemi kitu, na maneno hayo nayo yakaondolewa.

Maneno mengi yalianguka. "Pahari" ilianguka, ilikuwa /b/ dhaifu tu iliyosikika vibaya. Lakini "pasi" ilisimama, pamoja na mengine machache, tena kwa wasemaji walewale ambao mahali pengine katika mazungumzo hayohayo walitamka /b/ safi. Dai likapungua ukubwa. Sentensi ya mwanzo ilisema "baadhi ya wasemaji hugeuza". Sasa inasema "baadhi ya wasemaji, katika maneno machache, hugeuza". Makala ikaongezewa aya tatu kuhusu usikilizaji na vipimo, ambazo hazikuwemo kabisa katika tasnifu. Ilifika kurasa 19. Iko mikononi mwa jarida ninapoandika haya, na kama itakataliwa, angalau itakataliwa kwa jambo lililo wazi.

Msomaji anaweza kuuliza zile kurasa 55 zimekwenda wapi. Nitamjibu kwa mifano miwili kutoka eneo hilihili. Mwanahistoria E. R. Turton alimaliza tasnifu yake Chuo Kikuu cha London mwaka 1970, juu ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya kati ya 1800 na 1916. Mwaka 1972 alichapisha katika jarida la historia ya Afrika la Cambridge makala kuhusu upinzani wa Wasomali na siasa zao nchini Kenya, kuanzia 1893 hadi 1960. Mwaka 1975, katika jarida lilelile, akachapisha nyingine iliyotazama upya uhamaji wa Wabantu, Wagalla kama walivyoitwa wakati huo, na Wasomali, katika eneo lililo kati ya mito Juba na Tana, ambamo Garissa imo. Tazama miaka hiyo. Makala ya 1972 inavuka mbali mwisho wa tasnifu. Ile ya 1975 inauliza swali ambalo kwa tasnifu inayoanza 1800 ni la usuli. Hakuna iliyofuata mipaka ya tasnifu. Kila moja ina swali lake. Usuli wa kazi moja waweza kuwa mchango wa nyingine, mradi upewe swali lake na upimwe upya kama tulivyoipima "pasi".

Mfano wa pili ni wa Derek Nurse, aliyechunguza Kiilwana, lugha ya Kibantu ya Wamalakote kandokando ya Mto Tana. Mwaka 1994 alitoa makala ambayo kichwa chake, nikikitafsiri, kinasema: kusini yakutana na kaskazini, Kiilwana = Kibantu + Kikushi. Kichwa chenyewe kina alama za hesabu! Kitabu kizima kilichogusa lugha hiyo kilifuata mwaka 2000, na humo ndimo maelezo marefu yalipopata nafasi. Katika makala alitaka tujue jambo moja, akaliweka mlangoni.

Kwa hiyo nimemwambia kijana wangu asizifute kurasa za /v/ na /z/. Aziweke katika jalada lake, na siku moja aziulize swali lilelile: nikikusoma, nitajua nini? Zikikosa jibu, zibaki tasnifuni zilikofanya kazi yake.

Na sisi wasimamizi? Mimi nimebadilisha jambo moja. Kabla ya kutia saini sura yoyote sasa, namwomba mwanafunzi anionyeshe kwa kidole aya ambayo angeifanya makala. Kisha naisoma aya hiyo peke yake, bila kilichoitangulia, nikiuliza kila neno lake limethibitishwa vipi. Inanichukua nusu saa. Ningeifanya hivyo siku ile kwa ukurasa wa 58, tasnifu iliyoko rafuni leo na saini yangu isingekuwa na "pahari" ndani yake.